Mandi si pilau: Acha jina la chakula, eleza kilicho kwenye sahani

Umewahi kutumiwa picha ya menyu na rafiki au binamu aliye Jidda, imeandikwa Kiarabu kitupu, naye anakuuliza, "Wewe si ulisoma madrasa? Hebu niambie hapa kuna nini"? Vijana wengi wa Kenya wako Uarabuni kikazi, na picha kama hizi huzunguka kwenye simu kila uchao. Kwa maoni yangu, wengi wetu huzitafsiri vibaya kwa sababu tunakimbilia kugeuza jina la chakula badala ya kusema mtu ataletewa nini.

Chukua hamam mahshi, ambayo utaikuta kwenye mikahawa ya Kimisri. Hamam hapo ni njiwa. Lakini Kiarabu cha kawaida huandikwa bila alama za irabu wala shada, kwa hivyo njiwa na bafu hufanana kabisa kwenye maandishi. Mswahili anayejua neno hamamu, kama lile la Hamamni kule Unguja, atasoma bafu. Ati bafu lililojazwa! Neno la pili ndilo linalokuokoa, kwa kuwa mahshi ni chakula kilichojazwa kingine ndani, mara nyingi wali. Basi ni njiwa waliojazwa wali. Na ukiona supu ya lisan asfur, usimwambie mtu ni supu ya ulimi wa ndege, hata kama maneno yenyewe yanasema hivyo. Ni tambi ndogo zenye umbo la punje za mchele. Ulimi haumo.

Makosa hayo angalau yanachekesha na utayagundua haraka. Linaloniudhi ni la mandi, kwa sababu halionekani. Watu huitafsiri "pilau" na kuendelea na shughuli zao. Wali si upo? Nyama na viungo si vipo? Vipo, lakini upishi ni mwingine. Pilau yetu huanza na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, kisha nyama, viungo na mchele vikaivia sufuria moja. Mandi asili yake ni Hadhramaut, Yemen, kule kule ambako familia nyingi za Pwani yetu zina mababu, na kwa desturi hupikwa ndani ya tanuri lililochimbwa ardhini. Chombo cha wali hukaa chini, nyama huwekwa juu yake kwenye wavu au hutundikwa, kisha tanuri hufunikwa. Mafuta na maji ya nyama hudondokea wali, na kila kitu hushika harufu ya moshi. Aliyeahidiwa pilau ya Idi ataona wali wa manjano usio na kahawia ya vitunguu, na bonge la nyama juu yake. Atadhani amepunjwa.

Halafu menyu hiyo hiyo huenda ikawa na kabsa, ambayo mchele wake huivia kwenye supu ya nyama. Hiyo ndiyo jamaa wa karibu wa pilau. Sasa ukiziita zote mbili pilau, msee atachagua vipi?

Mimi ningeandika hivi: "Mandi: wali na nyama ya mbuzi vya tanuri la ardhini, nyama ikiiva juu ya wali." Jina linabaki. Hakuna aliyetafsiri chapati wala biriani, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo.

Lakini kuacha kila jina lilivyo nako ni uvivu. Tafuta kwanza jikoni mwa Pwani. Luqaimat ni kaimati zetu, na neno lenyewe linatokana na luqma, yaani tonge. Harees ni bokoboko. Kama unayemwandikia amelelewa Nakuru na hajawahi kuionja, ongeza kwamba ni ngano na nyama zilizopikwa na kupondwa pamoja hadi zikalainika.

Kuna majina yasiyosema lolote. Umm Ali ni "Mama Ali", na hapo hujamsaidia mtu. Ni kitamutamu cha vipande vya mkate au andazi jembamba lililolowekwa maziwa matamu na kuokwa, pamoja na zabibu kavu na lozi au njugu nyingine. Kwa mwenye mzio wa njugu, hizo njugu ndizo habari, na jina limezificha.

Tena, kabla ya kuandika chochote, uliza picha imepigwa mji gani. Laban ya Kairo ni maziwa ya kawaida. Laban ya Jidda ni maziwa chachu ya kunywa, karibu sawa na mala yetu. Binamu yako akitaka maziwa ya chai akiwa Jidda, aitishe halib. Akitia laban kwenye chai ya moto, itakatika.