Anayetoa Kidogo Ndiye Anayekatwa Zaidi

Na Lazaro Mollel

Siku ya mnada hapa Oldonyo Sambu, simama dakika chache karibu na kibanda cha wakala utasikia ombi moja likirudiwa: "Nitumie na ya kutolea." Anayeomba ameshapiga hesabu kwamba hela itakatwa mara mbili, ikitumwa na ikitolewa. Ambacho bango ukutani halimwambii ni kwamba yeye wa elfu nne anakatwa sehemu kubwa zaidi ya fedha yake kuliko aliyeuza fahali na kutoa laki nne.

Viwango vya kampuni zetu hutofautiana na hubadilika, kwa hiyo nachukua mfano wa M-Pesa ya Kenya, ambayo wanunuzi wa mifugo wanaovuka Namanga wanaijua vizuri. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ukitoa kwa wakala shilingi 200 za Kenya, kama elfu nne za kwetu, unakatwa 29. Ukitoa 2,500 unakatwa 29 ile ile. Kwa wa kwanza hiyo ni asilimia 14.5 ya fedha yake. Kwa wa pili ni asilimia moja na kidogo. Ongeza gharama ya kutuma. Kutuma 200 ni shilingi 7, hivyo safari nzima ya hela hiyo inakula 36, yaani asilimia 18. Kutuma 20,000 ni 105 na kuitoa ni 185, jumla 290, ambayo haifiki hata asilimia moja na nusu.

Chanzo ni madaraja. Bei ni moja kwa kila aliye ndani ya daraja, kwa hiyo aliye chini kabisa ndiye anayeumia. Madaraja yenyewe yamepangwa hivyo kwa sababu muamala mdogo una kazi ile ile kama mkubwa: wakala anakagua kitambulisho, anahesabu noti, mtambo unatuma ujumbe kwa pande zote mbili, na mteja akikosea namba kuna mtu wa kupokea simu yake. Wakala naye analipwa kamisheni kwa muamala. Noti zikimwishia jioni ya mnada, wakati kila aliyeuza mbuzi anataka noti mkononi, inabidi apande daladala hadi mjini Arusha kutafuta fedha taslimu. Asipopata cha maana kwenye miamala midogo, ataifukuza. Hilo nalikubali, na wakala wa kijijini simlaumu kwa bei asiyoipanga.

Namlaumu anapomwambia mteja atoe mara mbili ili apate kamisheni mbili. Kwa viwango hivyo vya Kenya, kutoa 1,000 kwa mkupuo ni 29, lakini 500 mara mbili ni 58. Dalili yake ni rahisi: zinaingia meseji mbili zenye namba mbili za muamala. Juu kidogo hesabu inageuka, kwani 5,000 kwa mkupuo ni 69, huku 2,500 mara mbili ni 58. Kwa hiyo soma bango kabla ya kuingiza namba ya siri.

Ninachokataa ni hoja kwamba kutuma kidogo hakuna namna ya kupunguzwa. Kutuma hakuhitaji noti wala daladala. Hela inahama kutoka akaunti hadi akaunti. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Kenya iliondoa makato ya kutuma hadi shilingi 1,000, na mpango huo ukadumu mpaka mwisho wa mwaka. Miamala midogo iliongezeka sana. Makato yaliporudi, kutuma shilingi 100 kushuka chini kulibaki bure, na kampuni haikuanguka.

Sisi mwaka 2021 tulikwenda upande wa pili. Tozo ya Julai, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, iliwekwa juu ya makato yaliyokuwepo, watu wakarudi kubeba noti, na Septemba Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Hata leo ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unapigwa juu ya makato yenyewe, hivyo palipo na makato mazito na kodi ni nzito.

Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayotoa leseni za huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Naiomba ifanye mambo mawili. Iwaagize watoa huduma waongeze kwenye kila bango safu moja ya asilimia, inayoonyesha makato ya kiasi cha chini na cha juu cha kila daraja. Kisha daraja la chini kabisa la kutuma lifutiwe makato, na kamisheni ya wakala kwenye utoaji mdogo ifidiwe kutoka madaraja ya juu, ambako mwenye laki nne hataisikia tofauti ya shilingi mia.