Nyama wameshinda

Katika ripoti za mpira za Kirusi zenye ladha ya kishabiki, Spartak Moskva huitwa "miaso", yaani nyama. Katika miaka ya 1920 klabu hiyo ilidhaminiwa na chama cha wafanyakazi wa vyakula. Wapinzani wakaifanya dhihaka, mashabiki wakaja kuipokea kwa fahari. Mahasimu wao, CSKA, huitwa "koni", farasi.

Wapo wenzangu wanaotaka mfasiri aandike "Spartak" tu. Sikubali. Anayeiita TP Mazembe Kunguru anajua kwamba jina la utani huonyesha msemaji yuko upande gani.

Kiswahili kinatusaidia. "Nyama imeshinda" inaleta picha ya bucha. "Nyama wameshinda" inatuambia mara moja, kwa upatanisho wa wa-, kwamba ni watu. Kwa farasi njia hiyo haifai, maana mnyama huchukua wa- tayari: "Farasi wamefungwa" yaweza kuwa habari ya zizini. Hapo naandika "Farasi wa CSKA" mara ya kwanza, kisha "Farasi".

"Deviatka", tisa, ni jambo lingine. Ni pembe ya juu ya goli, mahali tu, haina upande. Naifasiri kwa maana yake.

Inabaki kasi. Kirusi huacha vitenzi: "Pasi, shuti, goli!" Tukijaza "kisha" na "baada ya hapo", mchezo unalala. Kitenzi chetu hubeba mtendaji ndani yake: "Apokea, ageuka, apiga, pembe ya juu! Nyama wanaongoza!"