Usilipie Spidi Kabla ya Kupima

Wasee, acheni kukimbilia pakiti ghali kila video ikikwama. Juzi hapa Kiboko nilikuwa karibu kutoka 10 Mbps niende 20. Nikazima waifai kwa simu zingine, nikapima: chumbani 2, kando ya rauta 9.6. Kumbe laini inaleta karibu yote niliyolipia, inapotelea ukutani! Hata ningelipia 20, chumbani ningebaki na 2 ileile. Nikatoa rauta nyuma ya tivi, nikaiweka juu ya kabati koridoni. Chumbani sasa ni 8, bure.

Pakiti kubwa inasaidia tu kama 10 yote inafika na nyumba nzima inaigombania. Ukipata 3 kando ya rauta, usiongeze pesa. Piga simu, dai 10 yako.