Nani anapulizia? Nafsi zinazohama katika kipeperushi cha korosho
Na Somoe Chilumba

Kila msimu wa kupulizia mikorosho unapokaribia Nachingwea na Ruangwa, husambazwa karatasi za maelekezo ya kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaotandaza unga mweupe juu ya majani machanga na maua na kuyakausha kabla hayajashika korosho. Sehemu ya kitaalamu ya karatasi za aina hiyo kwa kawaida huwa sahihi, na kasoro iliyo ya kawaida zaidi huwa katika lugha, kwa kuwa maelekezo huhama kutoka nafsi moja kwenda nyingine bila mwandishi kukusudia. Nafsi, kwa maana ya wanasarufi, ni namna kitenzi kinavyoonyesha kama mtendaji ni anayesema, anayeambiwa au anayetajwa, na katika Kiswahili jukumu hilo hubebwa na kiambishi kifupi cha mwanzo wa kitenzi, kama vile *u-*, *m-*, *a-* au *tu-*. Kwa sababu kiambishi chenyewe ni silabi moja tu, mwandishi anaweza kubadilisha nafsi mara nne katika aya moja na asitambue, ilhali msomaji anayetaka kujua kazi ni ya nani anategemea silabi hiyohiyo.

Uchukuliwe mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya safu hii kwa kufuata mtindo wa karatasi hizo: "Mkulima akague mikorosho yake mara inapoanza kuchipua. Ukiona unga mweupe kwenye majani machanga au maua, pulizia salfa gramu 250 kwa mti mkubwa. Ukitoa maua, upuliziwe asubuhi na mapema. Barakoa ivaliwe. Baada ya siku 14 tutapulizia tena." Hakuna sentensi hata moja hapo yenye kosa la sarufi ikisomwa peke yake, na kipimo cha gramu 250 pamoja na muda wa siku 14 ni vile ambavyo wakulima wa korosho wa kusini wamevizoea kwa salfa ya unga. Tatizo huonekana pale sentensi zinaposomwa kwa mfululizo na msomaji akajiuliza, kwa kila kitenzi, ni nani hasa anayetakiwa kutenda.

Sentensi ya kwanza inamtaja mkulima kama mtu wa tatu, na ya pili inamgeukia na kumwambia ana kwa ana. Badiliko hilo, ingawa halipendezi, halina madhara makubwa kwa kuwa mkulima ni yuleyule. Sentensi ya tatu ina hatari zaidi. Mwandishi alikuwa ameshahamisha mawazo yake kwenye mti, na mti, ulio katika ngeli ya U-I, hupatanishwa na kitenzi kwa kiambishi *u-*, ambacho kwa umbo hakitofautiani na *u-* ya mtu anayeambiwa. Msomaji aliyetoka kwenye "ukiona", ambako *u-* ni yeye mwenyewe, ana kila sababu ya kuichukulia "ukitoa maua" kuwa nayo inamhusu, na hapo sentensi hueleweka kwamba akishayaondoa maua atapuliziwa, yaani atakuja mtu kumfanyia kazi hiyo. Hiyo ni kinyume kabisa cha kilichokusudiwa, kwa maana maua ndiyo yanayolindwa. Neno moja, "mti", likiwekwa mbele ya "ukitoa", lingeiondoa tafsiri hiyo.

Sentensi ya nne imo katika kauli ya kutendwa, ambayo humruhusu mwandishi asimtaje mtendaji, na katika Nachingwea na Ruangwa pengo hilo ni la kweli, si la nadharia. Wakulima wengi hawamiliki mashine ya kupulizia, hivyo humkodi mwenye mashine, na anayevuta vumbi la salfa ni huyo mpuliziaji anayepita mti hadi mti. Kipeperushi kinaposema "barakoa ivaliwe", mkulima anaweza kudhani agizo linamhusu mpuliziaji, naye mpuliziaji, ambaye pengine hakupewa karatasi hiyo, hana habari nalo.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayostahili kuangaliwa kuliko zote, kwa sababu *tu-* ya Kiswahili haisemi kama anayeambiwa yumo ndani ya "sisi" au hayumo. "Tutapulizia tena" inaweza kuwa na maana ya "mimi na wewe, wakulima wote kwa pamoja", na inaweza vilevile kuwa ahadi ya ofisi kwamba watu wake watarudi. Katika zao la korosho utata huu unazidi kwa kuwa wenye sauti ni wengi: kipo chama cha msingi cha ushirika, kinachoitwa kwa kawaida AMCOS, kipo chama kikuu cha RUNALI, kinachozihudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wapo maofisa ugani wa halmashauri, ipo Bodi ya Korosho Tanzania, na ipo taasisi ya utafiti ya TARI Naliendele iliyoko Mtwara. Mkulima aliyekwisha kupokea salfa ya ruzuku kupitia chama chake hafikirii jambo la ajabu anapoisoma "tutapulizia" kama ahadi. Akisubiri siku 14 na mtu asije, ukungu hauna subira hiyo, na maua yaliyokwisha kukauka hayaokolewi na mpulizio wa baadaye.

Kuhama huku kwa kawaida hakutokani na uzembe. Karatasi ya maelekezo mara nyingi hushonwa kutoka vyanzo vitatu: mapendekezo ya watafiti, yanayopenda kauli ya kutendwa, lebo ya mfuko wa kiuatilifu, inayoamuru, na maneno ya ofisa ugani mkutanini, anayesema "tunapulizia" kwa kuwa amesimama miongoni mwa watu na anataka kujiunga nao. Mkutanini "sisi" hiyo inaeleweka, maana msemaji anaonekana na anaweza kuulizwa, lakini ikihamishiwa kwenye karatasi hupoteza mwenyewe. Sababu nyingine ni adabu. Mwandishi kijana anaona ukali kumwandikia mzee "pulizia", basi anakimbilia "mpulizie" kwa heshima ya wingi, asikumbuke kwamba umbo hilohilo linaweza kusomwa kama amri ya kumpulizia mtu mwingine. Adabu hiyo ingekaa vizuri zaidi katika salamu ya mwanzo wa karatasi, na hatua zenyewe zikaachwa zibaki wazi.

Njia ya kuigundua kasoro hii ni kupigia mstari kila kitenzi cha maelekezo na kuandika pembeni jina la mtendaji. Panapokosekana jina, au panapopatikana majina mawili, sentensi iandikwe upya. Maelezo ya ugonjwa wenyewe hayahusiki, kwa kuwa ukungu unaposemwa kuwa "hushambulia" hakuna anayeamrishwa. Wala "sisi" haikatazwi, mradi ofisi iliyotoa karatasi imejitaja na kweli itafanya inachosema. Mtendaji anapobadilika kwa hakika, atajwe. Mfano wa awali ungesomeka hivi: "Kagua mikorosho yako mara inapoanza kuchipua. Ukiona unga mweupe kwenye majani machanga au maua, pulizia salfa gramu 250 kwa kila mti mkubwa, asubuhi na mapema kabla ya upepo. Vaa barakoa, na kama umemkodi mpuliziaji, hakikisha naye amevaa yake. Rudia mwenyewe, au mwite tena mpuliziaji, baada ya siku 14." Maneno yameongezeka kidogo, na hakuna kazi iliyobaki bila mwenyewe.

Maofisa ugani na makatibu wa vyama vya msingi wanaoandaa karatasi za msimu ujao wanaombwa, kabla hazijapelekwa kutolewa nakala, wampe mkulima mmoja na mpuliziaji mmoja wazisome kwa sauti, kisha kila mmoja aeleze kazi zipi ni zake.