Bei ya Mei Ina Mwisho Wake

Mvua za Mei zikishika Lamu, sisi wenye nyumba za wageni hushindana kushusha bei. Nilikuwa nikikubali shilingi 1,000 kwa chumba, mpaka nilipopiga hesabu. Kiamshakinywa 400, kufua shuka 200, maji, umeme na sabuni 300: jumla 900. Wakala wa mtandaoni akikata asilimia 15, nabaki na 850. Yaani mgeni akija napoteza hamsini. Heri chumba kilale kitupu. Sasa sishuki chini ya 1,300. Mishahara siitii humo, kwani hulipwa mgeni awepo asiwepo. Hiyo hubebwa na Desemba. Desemba nayo nina kikomo, 4,500. Ndiyo bei ya majirani, na nikiipita wageni watahamia kwao.