Mkopo wa Dakika Tano: Angalia Kilichoingia Mkononi

Ndugu zetu mlio Muscat, Doha na kwingineko, video za kuonya kuhusu mikopo ya simu ni nyingi, na karibu zote zinasema "riba ni kubwa" basi. Sisi tunaona haitoshi, maana apu nyingi hata neno riba haziandiki. Zinaandika "ada ya huduma", na zinaikata kabla hela haijafika.

Tuchukue mfano. Mdogo wako yuko Tanga, mshahara wako bado wiki moja, yeye anataka hela ya shule leo. Anaomba shilingi 100,000. Inaingia 75,000. Baada ya siku 7 arudishe 100,000 kamili. Kihesabu huyu hajakopa laki. Amekopa 75,000 na atalipa 25,000 juu yake, yaani theluthi ya alichopokea, kwa wiki moja tu. Akikwama, anapewa kitufe cha kusogeza siku 7 nyingine kwa 25,000. Akikibonyeza mara 4, keshatoa laki nzima na deni la laki liko palepale. Nyumbani wanaiita kausha damu, na hatuoni jina linalofaa zaidi.

Sasa wewe uliye mbali unaingiaje? Kupitia ruhusa. Wakati wa kujisajili, apu iliuliza kusoma majina yaliyo kwenye simu, mdogo wako akabonyeza Allow bila kusoma. Siku ya nane unapata ujumbe WhatsApp ukiwa kazini: "Ndugu yako ni tapeli, mlipie." Wengine wameshatumiwa hadi mabosi. Tuseme wazi: namba yako kuwamo kwenye simu yake hakukufanyi mdhamini. Hukusaini kitu, hudaiwi. Na kufuta apu hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa.

Si kila mkopeshaji wa simu ni mbaya, wapo wenye leseni. Lakini Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Na tangu Mei 2023 Google imezikataza apu za mikopo zilizo Play Store kusoma majina na picha za simu. Kwa hiyo apu inayotumwa kwa linki ya WhatsApp, halafu ikaomba majina, mdogo wako aiache hapohapo.

Kama keshakopa, maoni yetu ni haya: usimtumie 25,000 ya kusogeza kila wiki. Ukiweza, tuma hela ya kumaliza deni lote mara moja, abaki na ujumbe wa malipo kama ushahidi. Halafu mwambie, wiki ijayo akikwama, akupigie wewe kwanza kabla ya kubonyeza chochote, hata kama ni usiku wa manane.