Daftari la Wiki: Nomino Iliyojificha Kwenye Lebo

Mukuyuni, kaunti ya Makueni, ina jina la mti. Kwa Kikamba mti huo ni mũkũyũ, kwa Kiswahili ni mkuyu, na kiambishi kinachougeuza mti kuwa mahali kinafanana katika lugha zote mbili. Mtu aliyekulia huku hahitaji kuelezwa ngeli ni nini, kwa maana alianza kuzitumia kabla hajajua kusoma. Hata hivyo, mpe karatasi ya kubandika kwenye chupa ya asali, yenye maneno sita ya Kiingereza, umwambie aigeuze iwe ya Kiswahili, na atatokwa jasho kuliko aliyepewa barua ya kurasa mbili.

Kosa si lake. Lebo za Kiingereza huandikwa kwa vipande vya sentensi. Zinasema kitu kikishafunguliwa kiwekwe kwenye friji, lakini kitu chenyewe hazikitaji, na Kiingereza hakioni tatizo. Kiswahili kinaliona mara moja. Kitenzi hakisimami bila kiambishi, na kiambishi hakipatikani mpaka nomino ijulikane: chupa ikishafunguliwa, kopo likishafunguliwa, mfuko ukishafunguliwa, kifurushi kikishafunguliwa. Kwa hiyo mfasiri wa lebo hupaswa kuanza kwa kuishika bidhaa mkononi na kuuliza mambo mawili: kilichomo ni nini, na kilichokibeba ni nini? Orodha ya maneno iliyotumwa kwa simu, bila picha ya bidhaa, haitoshi kabisa.

*

Tuchukue chupa ya asali, kwa kuwa Ukambani asali haikosekani, na tuipitie lebo yake mstari kwa mstari.

Jina kwanza. Kiingereza hurundika sifa mbele na kumalizia kwa kitu. Kiswahili huanza na kitu: asali mbichi ya Makueni. Hapa “mbichi” imebadilika kufuata ngeli, na ingekuwa maziwa tungesema “mabichi”. Maneno kama halisi, safi na bora hayabadiliki hata kidogo, ndiyo maana waandishi wa lebo huyakimbilia. Asali halisi, maziwa halisi, unga halisi: hakuna wa kukukosoa. Ila “halisi” na “mbichi” ni madai tofauti. La kwanza linasema haikuchanganywa na sukari, la pili linasema haikupikwa. Asiyechagua neno kwa maana yake, akachagua lile lisilomsumbua kwa ngeli, amemwambia mnunuzi jambo ambalo mfugaji wa nyuki hakulisema.

Uzito hauna mengi. Kipimo hutangulia, namba hufuata: gramu 500, wala si 500 gramu. Jambo moja tu la kuangalia ni kwamba lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo chupa ya mililita 350 hubeba karibu gramu 500. Anayebadilisha kipimo ili kipendeze machoni amebadilisha na kiasi.

Kisha unakuja mstari unaoharibiwa kuliko yote, ule wa kuhifadhi. Kiingereza kinataka mahali penye baridi kiasi, pasipo unyevu, mbali na jua. Kwenye rafu nyingi za Kenya utasoma “hifadhi mahali kavu na baridi”. Neno “mahali” lina ngeli yake, na ngeli hiyo hutaka pa-: mahali pakavu, penye ubaridi, pasipofikiwa na jua. Tena “baridi” kwa asili ni nomino, haikai vizuri ikiparamia “mahali” kama sifa. Inahitaji “penye” ya kuishikilia. Kinachochekesha ni kwamba Mkamba anayeandika hivyo, akiongea Kikamba, husema “vandũ vaseo”, mahali pazuri, na ile va- haimponyoki kamwe. Ngeli ya mahali anayo kichwani tayari. Anaiacha mlangoni anapoingia kwenye Kiswahili kwa sababu anakisoma Kiingereza neno kwa neno.

*

Mstari wa kuganda ni mtego wa aina nyingine. Asali halisi huganda, na wanunuzi wengi hudhani wameuziwa sukari, kwa hiyo lebo nzuri hueleza la kufanya. Mtu ataandika hivi: “Asali ikiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu hadi iyeyuke.” Sarufi haina kasoro. Sasa soma tena: nini kiyeyuke? Asali ni i-, chupa ni i-, na kitenzi hakina namna ya kuchagua. Kila mtu ataelewa kwamba chupa haiyeyuki, lakini kama chupa ni ya plastiki na maji ni ya moto, huo si utani tena. Dawa ni kurudia nomino: hadi asali iyeyuke. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi ndio unaotuambia nani ni nani, na mara chache, vitu viwili vya ngeli moja vinapokaa sentensi moja, hunyamaza.

Onyo la watoto wachanga linastahili kuandikwa kwa herufi zinazoonekana. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haliwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu. Tafsiri ya haraka husema “haifai watoto chini ya mwaka 1”, na hapo watoto wamewekwa chini ya mwaka kama viatu chini ya kitanda. Kiswahili kingesema: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali. Ni ndefu zaidi, ndiyo. Ila mama anayeisoma dukani haisomi mara mbili.

Ufinyu wa nafasi, kwa kweli, hulaumiwa kupita kiasi. Kiswahili hubana kwenye vitenzi. “Usigandishe” ni neno moja pale Kiingereza kinapotumia matatu. Kinachorefusha lebo zetu ni ile tabia ya kupachika “tafadhali” na “hakikisha kwamba” pasipohitajika.

Mwisho ni tarehe. Kuna tarehe ya ubora na kuna tarehe ya usalama, na zinatofautiana: ya kwanza inasema ladha na harufu zitakuwa katika hali nzuri hadi siku hiyo, ya pili inasema usile baada yake. “Mwisho wa matumizi” ni ya pili. Waandishi huipenda kwa sababu ni nomino tupu, haidai kiambishi chochote, inakaa sawa kwenye asali, maziwa na kiberiti. Lakini kuibandika kwenye asali, ambayo haiharibiki upesi ikitunzwa bila unyevu, ni kumfanya mtu atupe chakula kizuri. Hapa afadhali kuhangaika na ngeli: ni bora zaidi ikitumiwa kabla ya tarehe fulani.

*

Makueni ni nchi ya maembe, na kaunti ina kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Wapo pia wanaokausha maembe na kuyauza kwenye pakiti ndogo, na lebo ya pakiti hiyo ina swali zuri kuliko linavyoonekana. Je, ni “vipande vya maembe yaliyokaushwa” au “vipande vya maembe vilivyokaushwa”?

Zote ni sahihi kisarufi. Ya kwanza inasema embe zima lilikaushwa, kisha likakatwa. Ya pili inasema vipande ndivyo vilivyokaushwa. Muulize anayefanya kazi yenyewe: embe huoshwa, humenywa, hukatwa vipande vyembamba, ndipo huanikwa kwenye kikaushio. Kwa hiyo ni “vilivyokaushwa”. Kiambishi kimoja kimesimulia mpangilio wa kazi, na Kiingereza, kwa maneno yake matatu, hakikusema lolote kuhusu hilo. Mfasiri hawezi kulijua akiwa mezani, lazima aulize.

Wako wanaoandika “maembe makavu” na kumaliza. Kavu ni hali, na jani pia hukauka lenyewe. Anayelipia kazi ya kukausha ana haki ya kuona kitenzi kinachotaja kazi hiyo.

*

Unga nao. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe vitamini na madini. Sentensi yake ni nyepesi: unga huu umeongezwa vitamini na madini. Lakini sokoni Mukuyuni, kama kwingi nchini, utasikia “unga imepanda”, “maziwa imeharibika”, kila kitu i-. Hayo ni mazungumzo, na mazungumzo yana uhuru wake. Shida ni pale i- hiyo inapochapwa kwenye pakiti: “unga iliyosagwa”.

Hata hivyo si kila i- ni kosa. Mstari unaosimama peke yake chini ya pakiti, “Imetengenezwa Kenya”, unaweza kutetewa hata kwenye unga, kwa kuwa nomino inayoeleweka ni bidhaa. Kikisogezwa hadi jirani na “unga”, kitenzi hichohicho kinakwaruza sikio. Mwalimu wa shule angekata vyote viwili kwa kalamu nyekundu, na angekuwa amekosea kimoja.

Kuna na njia ya mkato iliyo halali. Badala ya kueleza kinachotendwa kwa kitu, zungumza na mtumiaji: ukishafungua, weka kwenye friji, na utumie ndani ya siku 5. Mtendaji sasa ni wewe, kiambishi ni u- ya nafsi, na sentensi hiyo inabandikwa kwenye chupa, kopo au pakiti bila kuguswa. Dawa nyingi za maji zimeandikwa hivyo, “tikisa kabla ya kutumia”, na hakuna mgonjwa aliyeuliza atikise nini.

*

Tuseme sasa muuza asali ameacha chupa na kununua makopo. Lebo ya zamani ilisema: “Ifunge vizuri kila ukishatumia. Asali ikiganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu hadi asali iyeyuke. Ni bora zaidi ikitumiwa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kifuniko.” Fundi wa kompyuta anatafuta “chupa”, anaweka “kopo”, anachapa. Kimebaki kitenzi cha kwanza, kwa kuwa “ifunge” iliishika chupa bila kuitaja. Sasa iwe “lifunge”. Akionyeshwa hilo naye akageuza kila i- iwe li-, ataharibu zaidi: “asali likiganda”, “bora zaidi likitumiwa”, kana kwamba kopo ndilo linaloliwa. Ya kugeuzwa ni moja tu. Na “asali iyeyuke”, iliyorudiwa kwa ajili ya chupa, sasa inaweza kufupishwa tena kuwa “iyeyuke”, maana kopo ni li- na halichanganyiki na asali. Herufi tano na nafasi yake zimeokolewa, na karatasi ya kopo ni nyembamba.